Gramu 25 au gramu 50, presha ni ile ile: CaCO₃ ndani ya chombo kilichofungwa

*"Assalaam alaykum mwalimu. Mimi nasoma Kidato cha Sita, Wete. Tulipewa swali: gramu 25 za CaCO₃ zimetiwa kwenye chombo cha lita 10 kilichotolewa hewa na kufungwa, kikapashwa moto mpaka nyuzi 800 za Selsiasi, na presha ya CO₂ ikatulia kwenye kPa 24. Mimi niliandika K nikiitia CaO na CaCO₃, nikakosa maksi zote. Mwalimu anasema yabisi 'haihesabiwi', basi. Lakini bila ya CaCO₃ hiyo gesi itatoka wapi? Na nikitia gramu 50, si presha itapanda? Babu yangu anachoma chokaa Makunduchi na mawe yake yanaiva yote. Kwa nini letu liishie njiani?"*

Waalaykum salaam mwanangu. Tuanze na hizo gramu 50, maana fundo lenyewe liko hapo. Ukitia gramu 50, presha itasimama kwenye kPa 24. Ukitia gramu 100, itasimama hapo hapo. Hata ukikijaza chombo nusu nzima kwa unga wa CaCO₃, maadamu joto ni nyuzi 800, presha ya CO₂ haitapita kPa 24. Kiasi cha gesi ndicho kitakachopungua, kwa sababu unga umekula nafasi yake, lakini presha haitasogea.

Unaijua tayari hali kama hii, ila hukuipa jina. Chukua madumu mawili yaliyofungwa vizuri, moja lina maji ya kufunika kitako tu, jingine lina maji mpaka shingoni, na yote mawili yamekaa kwenye joto moja. Presha ya mvuke juu ya maji ni moja kwa madumu yote mawili. Wingi wa maji hauongezi mvuke. Joto ndilo linaloamua. CaCO₃ inayotoa CO₂ inafuata sheria hiyo hiyo, na presha inayosimama juu yake tunaiita presha ya mtengano.

Sasa kwa nini iwe hivyo? Kuambiwa "yabisi haihesabiwi" ni kupewa jibu bila ya sababu, na sikulaumu kwa kutoridhika nalo. Tuitazame punje moja ya CaCO₃ ikiwa kwenye nyuzi 800. Haitengani yote kwa mara moja. Mtengano unafanyika pale CaCO₃ inapopakana na CaO iliyokwisha kutokea, na mpaka huo unaingia ndani ya punje kidogo kidogo. Kwenye kila milimita mraba ya mpaka huo, CO₂ inatoka kwa kasi inayotegemea joto. Papo hapo, molekuli za CO₂ zilizokwisha kutoka zinarudi kuugonga mpaka, na baadhi yake zinakamatwa na CaO na kuwa CaCO₃ tena. Kasi ya kurudi inategemea zinagonga mara ngapi, yaani inategemea presha ya CO₂.

Andika hayo kwa herufi. Eneo la mpaka liwe A. Kasi ya kutoka ni k₁A. Kasi ya kurudi ni k₂Ap, ambapo p ni presha ya CO₂. Mwanzoni chombo hakina gesi, p ni sifuri, hakuna kinachorudi. Gesi inajikusanya, p inapanda, na kurudi kunaongezeka mpaka kasi mbili zinalingana:

k₁A = k₂Ap

A iko pande zote mbili, inakatika. Inabaki p = k₁/k₂, na hivyo viwili vinategemea joto tu. Kwa hivyo ukitia CaCO₃ mara mbili, umeongeza A, na kweli gesi itatoka kwa kasi mara mbili, lakini na milango ya kurudia umeiongeza mara mbili vile vile. Utaifikia kPa 24 mapema zaidi, lakini hutaipita. Hapo ndipo wengi wanapoteleza: wanaona mmenyuko umekwenda haraka zaidi, wakadhani umekwenda mbali zaidi.

Basi umeshaona kuwa yabisi zinahesabiwa, tena sana. Lazima zote mbili ziwemo ndani ya chombo ili hesabu hii isimame. Kisichohesabiwa ni wingi wake.

Tuje kwenye ulichokiandika. Naamini karatasi yako ilikuwa hivi:

K = [CaO][CO₂] / [CaCO₃]

Wazo la kuanzia si baya. Kosa limekuja ulipotafuta [CaCO₃]. Nadhani ulichukua moli ukazigawa kwa lita 10. Kwa gesi ndivyo inavyofanywa, kwa sababu gesi inatawanyika ikajaza chombo kizima. Yabisi haitawanyiki. Gramu 25 za CaCO₃ zimelala pale chini zikichukua sentimita za ujazo 9 hivi, na lita zote zilizobaki hazina hata chembe yake. Ukitaka kujua mkolezo wa yabisi, gawa moli zake kwa nafasi inayoichukua yabisi yenyewe. Sentimita moja ya ujazo ya CaCO₃ ina gramu 2.71, na moli moja ni gramu 100, kwa hivyo lita moja ya CaCO₃ tupu ina moli 27.1. Nusu lita ina nusu ya moli hizo, na ukigawa unapata 27.1 tena. Punje ndogo kama mchanga nayo ni moli 27.1 kwa lita. Kwa CaO, yenye gramu 3.34 kwa sentimita ya ujazo na gramu 56 kwa moli, unapata kama moli 59.6 kwa lita, nayo haibadiliki.

Kumbe kwenye mlinganyo wako kuna namba mbili ambazo haziwezi kusogea hata ufanye nini na chombo, na moja tu inayosogea. Hizo mbili tunazimeza ndani ya K, na kinachobaki ni:

Kp = p(CO₂)

Siku hizi vitabu vya juu havisemi "mkolezo wa yabisi" bali aktiviti, na aktiviti ya yabisi safi huchukuliwa kuwa 1. Maana yake ni kwamba moli moja ya CaCO₃ safi ina hamu ile ile ya kutengana, iwe imekaa peke yake au imekaa pamoja na moli elfu nyingine. Weka 1 kwenye nafasi ya CaO na 1 kwenye nafasi ya CaCO₃, utafika pale pale.

Sasa tuifanye hesabu yako mpaka mwisho. Presha ya CO₂ ni kPa 24, yaani Pa 24,000. Chombo ni lita 10, yaani mita za ujazo 0.010. Joto ni nyuzi 800, yaani kelvini 1,073. Kwa mlinganyo wa gesi:

n = pV/RT = (24,000 × 0.010) / (8.314 × 1,073) = moli 0.0269

Kila moli ya CO₂ imetoka kwenye moli moja ya CaCO₃, kwa hivyo iliyotengana ni moli 0.0269, sawa na gramu 2.69. Ulianza na gramu 25, yaani moli 0.25, basi zimebaki gramu 22.31 za CaCO₃. CaO iliyotokea ni 0.0269 × 56, yaani gramu 1.51, na CO₂ ni gramu 1.18. Jumlisha tatu hizo, unapata gramu 25.00. Huo ndio ukaguzi ninaoupenda, kwa sababu chombo kimefungwa na hakuna pa kupotelea.

Iliyotengana ni kama asilimia 11 tu. Rudia hesabu kwa gramu 50 utaona iliyotengana ni gramu 2.69 zile zile, na asilimia imeshuka mpaka 5.4. Kwa hivyo asilimia inategemea umetia kiasi gani na chombo kina ukubwa gani. K haitegemei kimoja katika hivyo. Swali la mtihani likikuuliza "asilimia iliyotengana" usiende kuisaka ndani ya K. Pitia kwanza kwenye presha, kisha moli, ndiyo uje kwenye asilimia.

Ukiulizwa Kc, tumia gesi peke yake: 0.0269 gawa kwa 10, unapata moli 0.00269 kwa lita. Na pale unapotafuta Δn ili ubadilishe Kc kuwa Kp, hesabu moli za gesi tu. Upande wa kulia iko moja, wa kushoto hakuna, kwa hivyo Δn ni 1.

Sasa nikupe mtego ambao watahini wanaupenda, na ambao ile kauli ya "haihesabiwi" haikukingi nao. Mwenzako anatia gramu 1 badala ya 25, chombo ni kile kile na joto ni lile lile. Presha ni ngapi? Wanafunzi wengi wataandika kPa 24 bila ya kufikiri, kwani si tumesema kiasi hakina neno? Haya, angalia. Gramu 1 ni moli 0.01. Ili presha ifike kPa 24 zinahitajika moli 0.0269 za CO₂. Haziwezi kupatikana, hata CaCO₃ yote ikitengana. Kwa hivyo itatengana yote, presha itakuwa (0.01 × 8.314 × 1,073) / 0.010, yaani kama kPa 8.9, na itakaa hapo. Ndani ya chombo pana CaO na gesi, hapana CaCO₃. Msawazo haupo, kwa sababu upande mmoja wa mmenyuko umekwisha. Kp bado ni kPa 24, lakini p haikuifikia.

Mpaka wenyewe uko kwenye gramu 2.69. Ukitia chini ya hapo, presha inafuata kiasi ulichotia. Ukitia zaidi ya hapo, presha inagota kwenye kPa 24 na CaCO₃ inabaki. Chora mchoro wa presha dhidi ya gramu ulizotia: mstari unapanda moja kwa moja kutoka sifuri mpaka 2.69, kisha unalala sawa. Mchoro huo ukikukaa kichwani, maswali mengi ya mlango huu yamekwisha.

Mtego wa pili ni ndugu ya huo. Unatia CaCO₃ peke yake, lakini badala ya kukitoa hewa chombo, unaijaza CO₂ hadi kPa 40 kwenye nyuzi 800. Presha imeshapita kPa 24, kwa hivyo mmenyuko "unataka" kurudi nyuma. Lakini CaO ya kuichukua hiyo gesi iko wapi? Haipo. Hakuna kitakachotokea, presha inabaki kPa 40 na CaCO₃ haiguswi. Tia kipande cha CaO ndani yake, na hapo gesi itaanza kunywewa mpaka presha ishuke ifike 24, ikiwa CaO inatosha. Ndiyo maana nimesema yabisi zote mbili lazima ziwemo.

Yaliyobaki katika ukoo huu ni mepesi. Ukiwa na msawazo kisha ukaongeza CaO, hakuna kinachobadilika. Ukiingiza naitrojeni, presha ya jumla inapanda lakini ya CO₂ inabaki kPa 24, kwa kuwa naitrojeni haigusi mpaka wa CaO na CaCO₃ kwa namna yoyote ya maana. Ukiwa na pistoni ukakibana chombo kutoka lita 10 mpaka lita 5 na joto likabaki lile lile, nusu ya CO₂ itarudi kuwa CaCO₃ na presha itarudi kPa 24. Ukiipa muda, lakini. Kurudi ni taratibu, kwa sababu CaCO₃ mpya inafunika CaO kama ngozi, na gesi lazima ipenye ngozi hiyo ili kuifikia CaO iliyo chini.

Hii si nadharia ya ubaoni tu. Mwaka 1867 Mfaransa Henri Debray alitia fuwele za kalsaiti kwenye chombo kilichotolewa hewa, akakipasha kwa mvuke wa metali inayochemka ili joto lisiyumbe, akapima presha. Akaona kwamba kwa joto moja presha inasimama mahali pamoja, iwe imetengana kidogo au nyingi. Akitoa sehemu ya gesi, presha inashuka kisha inapanda tena mpaka pale pale. Joto likishuka, gesi inarudi kunywewa. Na wewe ukitaka kujua kama namba ya presha uliyoipima ni ya msawazo kweli, njia ni hiyo ya Debray: ifikie kutoka chini, kisha ifikie kutoka juu. Zikikutana, ni yenyewe. Zisipokutana, umepima uchovu wa mmenyuko.

Kinachoisogeza presha ya mtengano ni joto, na kinaisogeza kwa nguvu. Kwenye nyuzi 550 ni kPa 0.055 tu, ambayo huwezi kuiona kwenye geji ya kawaida. Kwenye nyuzi 680 ni kPa 1.8. Nyuzi 800, kPa 24. Nyuzi 898, kPa 101, yaani sawa na presha ya angahewa yetu. Nyuzi 1,000 inakaribia mara nne ya hapo. Mtengano unakula joto, kama kilojuli 178 kwa kila moli ukitumia thamani za jedwali la nyuzi 25, na ndiyo sababu K inapanda joto linapopanda.

Namba hizo ndizo zinazotupeleka kwa babu yako. Lako limeishia njiani kwa sababu gesi haina pa kwenda. Ili gramu zako 25 zitengane zote kwenye nyuzi 800 ungehitaji chombo cha lita 93 hivi, au ukibaki na lita 10, upandishe joto mpaka karibu nyuzi 960. Babu hana shida hiyo. Tanuri lake liko wazi juu, CO₂ inapanda na moshi, presha yake juu ya jiwe haifikii ile ya mtengano, na mmenyuko unaendelea mpaka CaCO₃ imalizike. Kwake yeye msawazo haufikiwi kabisa, na ndivyo anavyotaka iwe. Ile Kp ya darasani inamwambia kitu kimoja tu: kwenye joto hili, gesi inayozunguka jiwe lazima iwe chini ya presha fulani, la sivyo jiwe haliivi.

Hapo pana jambo ambalo wachomaji wanalijua kwa mkono. Hewa ya kawaida ina CO₂ kidogo sana, kama Pa 40. Ukisoma namba zangu za juu utaona kwamba CaCO₃ ingeweza kuanza kutengana hata chini kidogo ya nyuzi 550. Mbona basi hakuna anayechoma chokaa kwa moto wa nyuzi 550? Kwanza, kwa joto hilo mmenyuko unakwenda pole mno. Pili, hewa iliyo ndani ya tanuri si hewa ya kawaida. Kuni zenyewe zinatoa CO₂. Tuseme moshi unaozunguka mawe una CO₂ asilimia 20, hiyo ni kama kPa 20, na uso wa jiwe hautaanza kutengana mpaka ukaribie nyuzi 790. Tatu, na hili ndilo kubwa, fikiria katikati ya jiwe lenye ukubwa wa kichwa cha mtu. Gesi inayotokea huko lazima isukume njia yake kupitia CaO mpaka nje. Ndani kabisa CO₂ imejaa peke yake, hewa haiingii, kwa hivyo ili itoke presha yake lazima ishinde presha ya angahewa. Kwa hiyo kiini kinadai nyuzi 898 na zaidi, hata kama uso umeiva zamani.

Moto ukipungua kabla ya kiini kufika hapo, jiwe linatoka na moyo mbichi. Utalitambua kwa uzito, kwani jiwe lililoiva limepoteza gramu 44 katika kila gramu 100, ni jepesi kwa namna inayokushangaza ukilinyanyua. Na ukilizima kwa maji, sehemu iliyoiva inachemka, inavimba na kusambaratika kuwa unga, wakati kiini kinabaki kokoto ngumu katikati ya uji wa chokaa. Dondoshea kokoto hiyo asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa. Ikitoa mapovu, ni CaCO₃ ambayo haikupata nafasi. Kwa hivyo usiseme mawe ya babu yanaiva yote mpaka umuulize kokoto anazochekecha anazipeleka wapi. Na muulize kwa nini hupasua mawe makubwa kabla ya kuyapanga, utaona jibu lake na hesabu yako vinakwenda njia moja.

Huenda mtu akakuambia kuwa mawe ya Makunduchi ni matumbawe na swali lenu ni la kalsaiti, vitu viwili tofauti. Ni kweli kuwa matumbawe yaliyo hai hujenga aragonaiti, ambayo ni CaCO₃ yenye mpangilio mwingine wa fuwele. Lakini ikipashwa moto hugeuka kalsaiti kabla hata ya kufika nyuzi 500, kwa hivyo linapofika wakati wa kutengana, presha ya kuangalia ni ya kalsaiti. Kilicho na uzito zaidi ni usafi. Sheria ya aktiviti kuwa 1 ni ya yabisi safi. Mchanga uliochanganyika pembeni ya punje hauna neno, kwa sababu kila kimoja bado ni safi ndani yake. Ila magnesiamu ikiwa imeingia ndani ya fuwele yenyewe, ikakaa nafasi za kalsiamu, hiyo si CaCO₃ safi tena, aktiviti yake si 1, na Kp = p(CO₂) inakuwa ya kukadiria tu. Kwenye mtihani wa Kidato cha Sita hutaulizwa hilo, lakini ujue mpaka wa kanuni uko wapi.

Mwisho, kuhusu kufanya kwa mikono, maana najua vijana. Usifunge CaCO₃ ndani ya chupa, kopo wala bomba la chuma ukaliweka motoni. Tyubu za majaribio za skuli huanza kulegea kabla hujafika joto linalotakiwa, na kopo lililofungwa linabeba presha ya CO₂ pamoja na ya hewa iliyobaki ndani, na likipasuka linapasuka likiwa jekundu. Majaribio ya presha ya mtengano hufanywa kwa tyubu ya kwatzi, pampu ya kutoa hewa, geji na tanuri la umeme lenye kipima joto, na hayo hayafanywi bila ya msimamizi. Idara ya kemia ya chuo ndiyo pa kuuliza, nenda na mwalimu wako, msiende na barua tu. Unachoweza kukifanya maabara ya skuli, fundi wa maabara akiwapo na miwani ikiwa machoni, ni cha tanuri lililo wazi: pima gramu 2 za CaCO₃ kwenye krusibo bila ya kifuniko, ichome kwa moto mkali wa gesi kwa nusu saa, iache ipoe, ipime, ichome tena mpaka uzito usimame. Ikiiva yote utabaki na gramu 1.12. Ukipata 1.5, moto wako haukufika. Na usiiguse kwa kidole wala usiipulizie, CaO ikikutana na unyevu wa jicho inaunguza. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha hospitali moja kwa moja, bila ya kungoja kuona kama itapoa.